Vitone, Namba na Mshahara Uliochelewa

Orodha zinazotumika katika barua pepe za ofisini ni za aina mbili: orodha ya vitone, ambayo kila kipengele chake hutanguliwa na nukta nyeusi kuashiria kwamba vyote vina hadhi sawa, na orodha ya namba, ambayo huonyesha mfuatano au humwezesha msomaji kukitaja kipengele bila kukinukuu. Orodha za aina zote mbili huondoa viunganishi, yaani maneno kama "kwa sababu", "lakini" na "hivyo", na msomaji aliyenyimwa viunganishi hujitungia vyake.

Tuseme mhasibu mmoja, akitaka kuonekana mtu asiye na maneno mengi, anawaandikia wafanyakazi hivi:

• Mishahara itachelewa hadi Jumatano.
• Jenereta jipya limenunuliwa.
• Mfumo wa benki una hitilafu.

Kila sentensi ni ya kweli, ila hata saa nne haijafika, ofisi nzima inaamini kwamba mishahara imegeuzwa jenereta, na watu wanapishana nyuma ya jengo kulitazama kwa uchungu wa mzazi anayeona karo ya mwanawe ikitoa moshi. Aya fupi ingemwokoa: "Mishahara itachelewa hadi Jumatano kwa sababu mfumo wa benki una hitilafu. Fedha zipo, na jenereta jipya limelipiwa kutoka fungu la matengenezo, hivyo halihusiani na ucheleweshaji huu." Habari kuu ni zilezile, lakini sababu imekaa karibu na tokeo lake, na jenereta limepata utetezi.

Mhasibu huyo, akiwa amekwisha kuumwa na vitone, huikimbilia aya hata pasipostahili. Wiki inayofuata anaomba, katikati ya aya ndefu yenye salamu na shukrani, jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya akaunti na jina la tawi la benki, kisha anapokea akaunti zisizo na tawi, matawi yasiyo na akaunti, na "Sawa" kadhaa. Hapo namba ndizo zilizohitajika, kwa kuwa anayejibu kwa kufuata 1, 2 na 3 huliona mwenyewe pengo aliloliacha. Hata hivyo, namba zilizokwisha kutumwa zisiguswe, maana kipengele kipya kikiingizwa juu, programu hupanga namba upya, na aliyejibu "2: ndiyo" kuhusu chai hujikuta amekubali kufanya kazi Jumamosi.

Kipimo chepesi ni kuvichanganya vipengele kabla ya kutuma: visipopoteza chochote, vitone vinatosha; vikivuruga hatua au majibu, vipewe namba; na ikiwa kati yake panadai "kwa sababu" au "ijapokuwa", hiyo ni aya iliyokatwakatwa na iunganishwe. Kipimo hiki hakimsaidii mwandishi dhidi ya yule anayeulizwa maswali matatu yenye namba na bado akajibu "Sawa". Huyo hupigiwa simu.