Mpira Ulioshuka kwa Lifti

"Mjomba, mbona mpira wako unashuka kwa lifti?"

Swali lilitoka kwa mtoto wa darasa la tatu, mbele ya shangazi zake wawili na jirani aliyekuja kuazima chaja. Mjomba alikuwa amekesha akichora katuni ya mpira mmoja unaodunda, mchoro baada ya mchoro, kwa kalamu na tableti. Jumamosi hiyo akaiegemeza tableti kwenye jagi la maji ili kila mtu aone. Mpira ukatokea juu ya kioo, ukateremka bila haraka wala wasiwasi, ukagusa sakafu, ukapanda tena kwa mwendo uleule. Jirani akakohoa. Mtoto akauliza alichouliza, na shangazi mmoja akaanza kujifuta machozi kwa upindo wa kanga.

La kuudhi zaidi ni kwamba mtoto alikuwa sahihi. Alitaja ugonjwa wenyewe kwa neno moja, jambo ambalo mafunzo ya video aliyoyalipia mjomba yalishindwa kulifanya kwa saa nzima.

Mpira wenyewe ulichorwa vizuri. Kila mduara ulikuwa mduara. Tatizo lilikuwa kwenye nafasi kati ya mduara mmoja na mwingine, na chanzo chake ni kifaa kilekile ambacho kila anayeanza hukipenda kuliko vyote: ganda la kitunguu. Ukiliwasha katika programu kama Krita, mchoro uliotangulia unabaki chini ya kalamu yako kama kivuli chekundu, na unaofuata unaonekana kwa kijani. Zamani kazi hiyo ilifanywa na meza ya kioo yenye taa chini yake, karatasi zikiwa zimepangwa juu yake na kushikwa na vijiti vidogo ili zisihame. Wenye uzoefu walibana karatasi kadhaa katikati ya vidole wakazipekua mbele na nyuma, na mchoro ukatembea mkononi mwao kabla haujafika kwenye kamera.

Sasa tazama mtego ulivyo. Mbele yako kuna kivuli chekundu na kivuli cha kijani, na katikati yao kuna uwazi. Mkono wa mwanadamu, ukiachwa wenyewe, utachora palepale katikati. Halafu unahamia kwenye uwazi mwingine, unachora katikati tena. Mwishowe mipira yote imepishana kwa umbali sawa, na kitu kinachopita umbali sawa kwa muda sawa hakiongezi kasi. Hicho hakianguki, kinateremshwa. Ganda la kitunguu lilimwonyesha mjomba pa kuchora mpira, lakini halikumwambia hata mara moja kama mahali hapo panastahili.

Inayojua hilo ni chati ya muda, ule mstari mdogo wenye alama za kukata ambao wachoraji wa katuni huuandika pembeni mwa karatasi. Mjomba alikuwa ameuona kwenye kitabu cha Richard Williams cha mwaka 2001, akadhani ni pambo.

Filamu hupita fremu 24 kwa sekunde. Mchoraji anayefanya kazi kwa mbilimbili huacha kila mchoro ukae fremu mbili, hivyo sekunde moja inamgharimu michoro 12 badala ya 24, na kwa mwendo wa kawaida jicho halilalamiki. Ndiyo maana michoro huandikwa namba witiri: 1, 3, 5, 7, na kuendelea. Namba inataja fremu ambayo mchoro unaanzia. Michoro mikuu, yaani mwanzo na mwisho wa tendo, namba zake huzungushiwa duara. Ule unaoamua njia ya katikati hupigwa mstari chini. Iliyobaki ni ya kujazia.

Tuuchukue mpira wa mjomba. Unaanguka kwa nusu sekunde, yaani fremu 12. Mchoro 1 uko juu, mchoro 13 unagusa sakafu, na katikati kuna 3, 5, 7, 9 na 11. Hizo ni hatua sita. Kwenye karatasi, kutoka juu hadi sakafuni ni sentimita 18. Mjomba aligawa sawasawa: sentimita tatu kila hatua, na lifti ikapatikana.

Galileo aliona zamani kwamba kitu kinachoanguka kutoka kwenye utulivu hupita, katika vipindi vya muda vilivyo sawa, umbali unaofuatana kama 1, 3, 5, 7, 9, 11. Jumlisha: ni 36. Gawa sentimita 18 kwa 36, kila fungu ni nusu sentimita. Basi hatua ya kwanza ya mpira ni nusu sentimita tu, ya pili moja na nusu, kisha mbili na nusu, tatu na nusu, nne na nusu, na ya mwisho tano na nusu. Kwenye chati, alama zinabanana juu na kutawanyika chini. Mchoro wa 7, ambao kwa muda uko katikati kabisa, kwa umbali bado uko sentimita nne na nusu tu kutoka juu, robo ya safari. Hapo ndipo mkono ulipokuwa ukidanganya: nusu ya muda si nusu ya njia.

Muda haukubadilika hata kidogo. Ni fremu zilezile 12, na michoro ni ileile saba. Kilichobadilika ni mahali pa mipira mitano ya katikati, na ghafla kitu kilekile kina uzito. Mjomba aliurudia mpira huo akiangalia mara nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu mzima mwenye kazi asubuhi.

Kisha balaa jingine. Mpira una upana wa sentimita mbili, na hatua ya mwisho ni tano na nusu, kwa hiyo mchoro wa 11 na wa 13 haigusani kabisa. Jicho linaona mipira miwili inayomemeteka. Dawa ni mbili. Unaweza kuurefusha mpira wa 11 kuelekea sakafuni hadi ukaribie jirani yake, au kuiacha mbilimbili kwa muda mfupi na kuongeza mchoro wa 12, ili hatua ile ndefu igawanyike kuwa kama sentimita 2.6 na 2.9. Hata studio kubwa huchanganya. Katika filamu ya Spider-Man ya 2018, Miles Morales mwanzoni alihuishwa kwa mbilimbili wakati mwenzake Peter alikwenda kwa mojamoja, ili mgeni wa kazi aonekane bado anajikwaa.

Mpira wa pili aliouchora mjomba ulinenepa njiani, kwa sababu kila mduara ulinakiliwa kutoka kwa uliotangulia badala ya kulinganishwa na mchoro mkuu. Wa tatu ulidunda juu kuliko ulikotoka.

Halafu akaja mteja. Alitaka katuni ya sekunde kumi ya tangazo la duka lake, mhusika akitembea na kupunga mkono. Sekunde kumi kwa mbilimbili ni michoro 120, kabla ya usafi, rangi na marekebisho. Kiasi alichotaja kisingelipia karatasi, na alipoonyeshwa hesabu alijibu kwa mshangao wa kweli: "Si kompyuta ndiyo inayochora?" Malalamiko ya wachoraji kuhusu malipo yana umri. Mwaka 1941 wachoraji wa Disney waligoma, na miongoni mwa manung'uniko yao yalikuwa mishahara na majina yao kutotajwa kwenye filamu walizozichora. Mjomba hana wa kugoma naye. Alimweleza mteja kuhusu fremu 24, kuhusu mbilimbili, hata chati akamchorea kwenye risiti. Mteja alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akaikunja risiti akaitia mfukoni, akasema basi hana haraka, kesho saa nne asubuhi itamfaa.