Namna ya Kumuumbua Mjaza Chupa kwa Picha Tatu

Mjaza chupa hununua chupa tupu ya wiski kwa muokota chupa, anaijaza gongo iliyotiwa rangi ya sukari iliyounguzwa, kisha anaiuza kwa bei ya Skotilandi. Ni mwizi anayecheza na macho ya watu, na dawa yake ni kuumbuliwa.

Tuseme shangazi yako wa Nyandira, juu kule Mgeta, amenunua wiski ya harusi karibu na stendi ya Msamvu na sasa ana wasiwasi. Mwombe picha tatu za mchana, bila mwanga wa simu, maana ule mwanga hung'aa kwenye kioo na kuficha makosa.

1. Picha ya shingo. Anza na stempu ya kodi. Tangu 2019 TRA inatumia stempu za kielektroniki kwenye pombe kali na mvinyo. Ikague kwa programu ya Hakiki Stempu. Ikijibu kwamba stempu ni ya kinywaji kingine, kazi imekwisha. Kisha tazama pete iliyo chini ya kifuniko. Kwenye chupa mpya imeshikana na kifuniko kwa vijishikizo vidogo vinavyokatika mara ya kwanza unapozungusha. Vikiwa vimekatika, au ukiona michubuko na gundi, kuna aliyetangulia kufungua. Kwa mvinyo wa kizibo, tazama kofia ya juu: tundu dogo au mikunjo iliyobandikwa upya ni dalili mbaya.

2. Picha ya chupa nzima, imesimama mezani kando ya nyingine ya aina hiyo hiyo. Mashine ya kiwandani hujaza kwa kimo kimoja. Mjaza chupa hukadiria kwa jicho. Ya shangazi imeishia begani, ile nyingine imefika shingoni. Hapo mjaza chupa amejichongea mwenyewe.

3. Picha ya lebo ya nyuma na kitako. Soma jina la kinywaji, ujazo, kiwango cha kilevi na namba ya bechi. Lebo ya mbele ikisema mililita 750 na ya nyuma 700, chupa imevalishwa nguo ya kuazima. Chupa yenye mikwaruzo ya zamani kitakoni na lebo mpya kabisa nayo itilie shaka.

Picha zikipita zote, bado hazijasema kilichomo. Stempu halisi inaweza kubaki kwenye chupa iliyojazwa upya. Methanoli haitambuliki kwa macho wala kwa ladha, na hupofusha na kuua. Kwa hiyo shangazi asionje ili kuhakikisha. Aitenge chupa, atoe taarifa polisi au TBS, na aliyekwisha kunywa akiona ukungu machoni akimbizwe hospitali mara moja.

Nawe ukimaliza chupa yako, chana lebo na stempu, uharibu na kifuniko kabla ya kuitupa. Mjaza chupa asipate mtaji kwako.