Simu Imeshiba, Mama Mkubwa Hajapigwa Picha

Jumamosi iliyopita, kwenye mahafali ya kidato cha nne huku Chidya, mama mkubwa alisimama chini ya mwembe na mjukuu wake, mpwa wangu, akanyoosha kitenge, akakaza shingo, akatulia kimya kungoja picha. Alikuwa ametoka Newala alfajiri kwa ajili ya picha hiyo. Nyuma yetu foleni ya familia zinazoutaka mwembe uleule ilikuwa inarefuka. Nikabonyeza. Simu ikanijibu kwa maandishi kwamba nafasi imekwisha, nifute kitu kwanza.

Hakuna aibu kama kutafuta cha kufuta huku watu wanakutazama. Kila nilichofungua kilikuwa aibu nyingine: waridi limeandikwa "Asubuhi njema, Mungu akutangulie", waridi lilelile limetumwa na mtu mwingine, picha za skrini za namba za luku zilizokwishatumika tangu mwaka juzi, video ya mbuzi anayecheza ngoma. Mama mkubwa bado kakaza shingo. Mpwa wangu, shada limemteleza sikioni, akanong'ona, "Mjomba, fanya haraka." Nikafuta waridi. Nikabonyeza. Ikakataa. Nikamfuta mbuzi, kwa uchungu, maana yule mbuzi ananifurahisha. Ikakubali picha moja, na katika hiyo moja mama mkubwa kafumba macho.

"Baba," akaniambia, taratibu, ili foleni yote isikie, "hii simu ulinunua ya kutazamia tu?"

Mpiga picha wa kulipwa akajitokeza na kamera yake shingoni, akawapiga vizuri, akasafisha picha palepale kwa kimashine chake, kisha akageuka kuniuliza nani analipa.

Kinachoniuma ni kwamba bakapu nilikuwa nayo. Jioni ile nilifungua Google Photos, nikagusa kile kiduara chenye sura yangu, na humo imeandikwa kwa utulivu kabisa: "Backup complete". Picha zote ziko juu, salama. Na simu imejaa hadi kooni. Mambo hayo mawili yanaishi pamoja bila ugomvi, na nilipokaa kuchunguza kwa nini, nilisahau hata kula.

Sisi tunafikiri kubakapu picha ni kama kupeleka korosho ghalani: magunia yakishaondoka, nyumbani panabaki peupe. Sivyo. Programu inapandisha nakala tu, na ile picha ya mwanzo inabaki palepale ilipokuwa, na uzito wake uleule. Simu haipungui hata chembe mpaka uiamuru kwa amri yake maalumu, inayoitwa "Free up space". Ukiigusa, inapitia picha moja moja, na zile tu ilizohakikisha kwamba nakala yake imefika juu, inaziondoa kwenye simu. Bado utaziona ukifungua programu, ila sasa unaziangalia kwa bando.

Nikauliza moyoni, kuna tofauti gani na kuzifuta mwenyewe kwa alama ya kapu la taka? Tofauti ni kubwa kuliko umbali wa Masasi hadi Dar es Salaam. Ukichagua picha ndani ya Google Photos ukaitupa kapuni, inafutika kwenye simu na kule juu pia, kwa sababu kwake hizo ni picha moja. Iliyokuwa na bakapu inakaa kapuni siku 60, ndani ya hizo unaweza kuirudisha. Baada ya hapo hakuna wa kumlilia. Watu wengi wanapunguza uzito wa simu kwa njia hii huku wanajisifu kwamba "si ziko juu". Usimwamini mtu. Kabla ya kuamuru chochote, ifungue picha moja, itelezeshe juu, usome maelezo yake kama imeandikwa "Backed up". Au chukua simu ya mtu mwingine, uzime data ya kwako, uingie photos.google.com kwa akaunti yako. Ukiiona humo, basi kweli ipo.

Halafu nikagundua kwamba hata baada ya kutoa amri, simu ilipumua kidogo tu. Mzigo mkubwa haukuwa picha nilizopiga. Ulikuwa picha nilizotumiwa. Bakapu, usipoiagiza vinginevyo, inachukua folda ya kamera. Folda ya "WhatsApp Images" haiguswi mpaka uiwashe mwenyewe. Na usikimbilie kuiwasha, maana utayapandisha mawaridi yote mbinguni, na mbinguni nako kuna mipaka. Anza WhatsApp kwenyewe: "Settings", "Storage and data", "Manage storage". Humo vimepangwa vile vilivyozidi MB 5 na vile vilivyosambazwa mara nyingi. Yule mbuzi nilimkuta humo tena, katumwa na shemeji.

Mipaka yenyewe ni GB 15 za bure, na hizo wanagawana Google Photos, barua za Gmail na mafaili ya Drive. Tangu 2024 hata bakapu ya mazungumzo ya WhatsApp kwenye simu za Android imeanza kuhesabiwa humo. Picha ya simu ya kawaida ina kama MB 3, kwa hiyo zote 15 ukizipa picha tupu utafika kama picha 5,000. Video za mahafali zitazimaliza mapema zaidi. Tena kuzipandisha kwenyewe kunakula: picha 300 na kitu ni GB 1 ya bando, bila kumtumia mtu hata salamu. Mimi nimezuia data kwenye bakapu, nangoja waifai ya mjini Masasi. Maana yake ni kwamba picha za leo hazina nakala mpaka siku nitakayokwenda mjini, na simu ikidumbukia kisimani kabla ya hapo, zimekwenda nayo.

Hapa ndipo mzaha unaniishia. Huduma hii ilianza 2015 ikituahidi nafasi isiyo na kikomo bure, mradi ukubali picha zipunguzwe ubora kidogo. Tukazoea, tukawafundisha mama zetu. Tarehe 1 Juni 2021 mlango ukafungwa. Za zamani zilisamehewa, mpya zote zinahesabiwa. Kuna na kanuni nyingine: akaunti isiyoguswa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na picha zake. Watatuma onyo kwanza, ni kweli, kwa barua pepe. Dada yangu ni mjane. Picha za watoto wao wakiwa wachanga ziko kwenye akaunti ya marehemu mumewe, na nywila alikuwa anaijua marehemu peke yake. Hilo onyo litasomwa na nani? Kuna mahali paitwapo "Inactive Account Manager" ambapo mtu, akiwa hai, anaandika nani akabidhiwe mali zake akaunti ikinyamaza. Sijawahi kukutana na mtu wa huku aliyepajaza. Nimejaza yangu juzi, nikamweka mpwa.

Na kilicho juu tu hakifunguki bila mtandao. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi nzima ilikaa bila intaneti ya maana, na mimi nikashindwa kumwonyesha fundi picha ya mlango niliotaka anichongee. Akachonga wa kwake.

Mama mkubwa ameagiza nimtumie ile picha aliyofumba macho. Simu yake imejaa.