Namna ya Kusema "Gunia Yangu" Hadi Uzeeni

Ukitaka uishi Kitale miaka mingi na bado useme "gunia yangu imejaa", usiguse kitabu cha sarufi. Tegemea sikio tu. Sokoni utaokota bei, mizaha na namna ya kukataa punguzo, ila upatanisho wa ngeli utakupita.

Sikio haliwezi kukupa lisichosikia. Wauza mahindi wengi husema "gunia yangu", na mnunuzi huelewa bila shida, kwa hiyo hakuna anayekusimamisha. Isitoshe, "nyumba yangu", "miti yangu" na "magunia yangu" ni sahihi kabisa. Ukishazisikia hizo, akili inaifanya "yangu" kuwa ya kila kitu. Mzaliwa wa Bungoma ananaswa vilevile, ingawa Kibukusu chake kina ngeli tele: mti mmoja ni kumusala, mingi ni kimisala. Uwezo wa kupatanisha anao tangu utotoni.

Mtaalamu Stephen Krashen alishikilia kwamba kanuni za kusomea hazigeuki kuwa usemaji wa papo kwa papo. Lakini mwaka 1983 Richard Schmidt alieleza habari za Mjapani mmoja aliyeishi Hawaii. Kwa miaka mitatu hivi mtu huyo alizidi kuwa mzungumzaji hodari wa Kiingereza, huku sarufi yake ikisogea kidogo sana. Mwaka 2000, John Norris na Lourdes Ortega walijumlisha tafiti 49 wakaona kuwa waliofundishwa kanuni waziwazi walipata zaidi kuliko wasiofundishwa hivyo. Kasoro ni kwamba majaribio mengi yalipima zaidi majibu ya karatasi kuliko mazungumzo. Ndiyo maana mwanafunzi hukariri LI-YA darasani, kisha akasema "gunia yangu" akiwa njiani kwenda nyumbani.

Kwa hiyo mtu mzima atumie kanuni na sikio pia, kanuni ikitangulia. Chukua ngeli moja tu: gunia langu limejaa, magunia yangu yamejaa. Dakika chache zatosha kuielewa. Kisha sikiliza taarifa ya habari redioni ukitafuta "la" na "li" zinazofuata majina kama soko, shamba na jambo. Sasa sikio linajua linachotafuta. Halafu simama mbele ya magunia halisi useme: hili langu limejaa, lako halijajaa, lile limetoboka. Awepo mtu wa kukukatiza papo hapo ukiteleza. Usihamie KI-VI kabla hii haijakaa.

Usijipime kwa kukariri. Jipime siku mnunuzi anapokupunja na hasira zimepanda. Ukimwambia "gunia langu lina kilo tisini, lirudishe kwenye mizani" bila kuwaza ngeli, hiyo imeingia. Ikitoka "gunia yangu", rudi kwenye mazoezi ya kusema. Kanuni unayo tayari.