Ng'ombe Hawakualikwa

Kila mwanzo wa mwezi, pale tunapouza fromaji ya Masisi, tunafanya mkutano wa kupatanisha mauzo, maziwa na pesa. Wa Juni ulinifurahisha sana.

Mtu wa mauzo alisema wateja watanunua kilo 3,000. Mtu wa maziwa akapiga hesabu kwa sauti ya chini: kilo moja inakula lita kumi hivi, kwa hiyo tunahitaji lita 1,000 kila siku. Kiangazi kimeingia, majani yamekauka, wafugaji wanaleta 600. Hizo ni kilo 1,800 kwa mwezi. Mtu wa pesa hakubishana na yeyote. Alifungua tarakilishi, akatuonyesha kwamba ili bajeti itimie lazima tuuze kilo 2,700.

Patroni akasema, "Basi ndugu zangu, tuandike 2,700." Tukapiga makofi. Eti tumeafikiana!

Hapo ndipo utabiri unapogeuka dua. Ukitaka kuutambua, weka makadirio ya miezi sita kando ya mauzo halisi. Utabiri wa kweli hukosea mara juu, mara chini. Wetu hukosea juu tu.

Hata wakubwa mipango yao hukwama. Machi 2025, huko Walikale, mgodi wa bati wa Bisie ulisimamisha kazi kwa sababu ya vita, lengo la mwaka likapunguzwa. Lakini wao angalau walilipunguza.

Sisi tumechapa kumbukumbu za mkutano nakala nne. Ng'ombe wa Masisi hawajapata yao.