Saa 21 za Madumu

Jumanne. Umeme umekatika saa 4 asubuhi. Jenereta inawasha taa, kompyuta na feni ya mkurugenzi. Mashine ya madumu ya lita 20 haimo kwenye orodha hiyo. Plastiki imeanza kugandia ndani yake.

Jumatano. Umeme umerudi saa 10 alfajiri. Mkurugenzi ameandika ubaoni: "Tumepoteza saa 18." Fundi amefuta, akaandika 21. Hita zinahitaji saa mbili kuyeyusha plastiki mpaka katikati; ukizungusha skrubu kabla ya hapo, inavunjika. Saa nyingine ni ya madumu yenye madoa meusi ya plastiki iliyoungua, ambayo yanarudi kusagwa. Mashine inatoa madumu 40 kwa saa, kwa hiyo tunadaiwa 840. Mashine nyingine tatu hazidaiwi kitu, bidhaa zake zimejaa ghalani.

Alhamisi. Mkurugenzi anataka kila zamu ifanye saa 12. Nimemwonyesha kwamba zamu 3 za saa 12 ni saa 36, na siku ina 24. Amesema tuliangalie hilo.

Ijumaa. Tumeliangalia. Nafasi iliyobaki ni Jumapili tu, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 asubuhi Jumatatu. Mwendesha mashine wa zamu ya asubuhi amekubali kufanya kazi, ila anaongoza kwaya. Mwenzake wa zamu ya jioni, ambaye ni Mwislamu, amejitolea kubadilishana naye. Wamepeana mikono, nami nikaandika.

Jumamosi. Nimefuta. Wa jioni anatoka leo saa 4 usiku, na sheria ya ajira inampa mapumziko ya saa 12 mfululizo. Ataanza kesho saa 4 asubuhi hadi 12 jioni. Wa kwaya atampokea mpaka saa 8 usiku, wa usiku amalizie. Hizo ni saa 20. Madumu 40 hayana pa kukaa.

Jioni wa kwaya ameuliza Jumatatu asubuhi ataamkaje. Hataamka, ataingia saa 8 mchana, wa jioni achukue asubuhi yake. Ratiba ya wiki ijayo, niliyokwisha kuibandika getini, nimeibandua.

Jumapili. Mlinzi amemrudisha wa jioni nyumbani kwa sababu ratiba ya getini haipo. Tumemwahi kituoni, akiwa ameshapanda daladala.

Jumatatu. Madumu 800 yametoka. Mhasibu ameona malipo ya jana, ambayo kisheria ni mara mbili kwa kila saa, akauliza kwa nini hatukutengeneza madumu hayo Jumanne. Nimemjibu kwamba Jumanne hapakuwa na umeme.