Duka Lililouza Desemba Katika Mwezi wa Aprili

Kwa mujibu wa muhtasari wa kwanza wa mauzo ya tantini yangu, duka lake la vitenge hapa Kenya lilikuwa na mapenzi ya ajabu na tarehe 3. Liliuza tarehe 3 Januari, tarehe 3 Februari, tarehe 3 Mei, tarehe 3 Julai, likapumzika Oktoba, likarudi kazini Novemba na kufunga mwaka kwa mauzo mazuri ya tarehe 3 Desemba 2024. Tatizo ni kwamba tulikuwa tumekaa na kompyuta mwanzoni mwa Aprili 2024. Duka lilikuwa limeuza hata siku ambazo Mungu alikuwa hajazileta.

Kenya ninayoisema, kwa wasiotufahamu, si ile ya Nairobi. Ni komini ya Lubumbashi, yenye soko lake kubwa, ambapo tantini huuza vitenge na kurekodi kila anachouza kwenye simu. Mwisho wa mwezi simu hutoa faili, faili hunijia mimi, na mimi hutakiwa kumwambia Machi imeingiza ngapi. Kazi ya dakika chache, alivyoiona yeye.

Aliivaa miwani, akasogea kwenye kioo, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Mutoto yangu, hiki ni kitenge cha tarehe 8 Machi. Nani ananunua kitenge cha tarehe 8 Machi mwezi ya saba?"

Hapo ndipo nilipoacha kubishana na mashine. Kwetu Kongo, kila mwaka siku chache kabla ya Siku ya Wanawake, akina mama hununua kitambaa cha sherehe, na baada ya siku hiyo kitambaa hicho hakina tena mnunuzi wa kukikimbilia. Mauzo ya tarehe 3 Julai yalikuwa ya tarehe 7 Machi, hakuna ubishi. Saba na tatu zilikuwa zimebadilishana viti. Kidole kilishuka hadi tarehe 3 Novemba. Nikaangalia kalenda: Jumapili. Tantini Jumapili yuko kanisani, na hata bei ya dola ipande vipi hafungui. Kumbe ilikuwa Jumatatu, tarehe 11 Machi. Na Oktoba haikuuza kitu kwa sababu tarehe 10 Machi nayo ilikuwa Jumapili.

Mwenye hatia alikuwa kompyuta yenyewe, niliyoazima kwa binamu aliyeinunua imeshatumika kutoka Dubai. Mipangilio yake ilikuwa ya Kimarekani, yaani mwezi mbele, siku nyuma. Simu ya tantini huandika kama sisi sote tulivyofundishwa na Wabelgiji, siku mbele. Faili likiandika `07/03/2024`, kompyuta inasoma Julai na haiulizi mtu. Ikifika `19/03/2024` inatafuta mwezi wa 19, haiupati, basi inaiacha kama maandishi matupu. Kwa hiyo nusu ya mwezi imegeuzwa kimyakimya na nusu nyingine si tarehe kabisa, na safu nzima inaonekana nadhifu ukiitazama kwa mbali. Ukiikaribia, tarehe za kweli hujibana upande wa kulia wa seli na maandishi huegemea kushoto, mradi hakuna aliyezipanga katikati ili zipendeze. (Binamu alikuwa amezipanga katikati ili zipendeze.) Fomula ya `ISNUMBER` haidanganywi na urembo: tarehe ya kweli ni namba, na inajibu `TRUE`.

Nikaandika tiba. Kama ni namba, rudisha siku na mwezi mahali pake. Kama ni maandishi, yakate vipande na kuyaunga upya:

```
=IF(ISNUMBER(A2),
 DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2)),
 DATE(RIGHT(A2,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2)))
```

Desemba ikatoweka. Novemba ikatoweka. Tantini akapiga makofi. Kisha akauliza kwa nini sasa tunauza mwaka 2026.

Nilikuwa nimemsahau kijana wa dukani. Tarehe 14 Machi tantini alimpa simu ya pili, na kijana huyo, mpenzi wa filamu, ameiweka kwa Kiingereza cha Marekani. Mistari yake iliandikwa `03/14/2024`, kompyuta ya Dubai ikaisoma sawasawa kabisa, halafu fomula yangu ikaja kuigeuza. Sasa DATE ina tabia moja ya upole uliopita kiasi: ukiipa mwezi wa 14 hailalamiki, inahesabu miezi 12, inavuka mwaka, inakuletea tarehe 3 Februari 2025. Mauzo ya kijana ya tarehe 30 Machi yalikuwa yametua tarehe 3 Juni 2026. Ingekuwa heri kama ingetoa kosa jekundu.

Nikafungua faili lile ghafi kwenye Notepad, ambako hakuna anayejaribu kukusaidia, na humo mitindo yote miwili ilionekana jinsi ilivyoandikwa. Ningeweza kusema kwamba tarehe ya namba yenye siku kubwa kuliko 12 iachwe ilivyo, na kwa Machi hiyo ingetosha, kwa kuwa kijana alianza tarehe 14. Lakini Aprili angeandika `04/05/2024`, na hakuna jicho wala fomula itakayokuambia kama hiyo ni Aprili au Mei kwa kuitazama yenyewe tu. Kilichotuokoa ni safu ambayo hakuna aliyeijali, ile inayotaja risiti imetoka simu ipi. Mstari wa simu ya pili unaachwa. Wa simu ya kwanza unapitia fomula. Baadaye nikapanga kila simu kwa namba za risiti, nikatazama kama tarehe zinapanda pamoja nazo. Zilipanda, na Jumapili zote zilikuwa tupu.

Tangu hapo faili hilo silibofyi mara mbili tena. Nafungua kitabu kitupu, naliingiza kupitia menyu ya data, na safu ya tarehe naiingiza kama maandishi, ili kompyuta isipate nafasi ya kujitia ujuzi kabla yangu.

Muhtasari ukatimia, kila mstari na mwezi wake uliotengenezwa kwa `TEXT(C2,"yyyy-mm")`, nikaupeleka kwa mhasibu anayemshughulikia tantini mambo ya kodi. Jioni mhasibu akapiga simu, mpole sana, akitaka kujua "yyyy-03" ni mwezi gani. Kompyuta yake ni ya Kifaransa. Excel hutafsiri majina ya fomula yenyewe inapohama lugha, TEXT inakuwa TEXTE bila taabu, lakini kilichomo ndani ya alama za kunukuu haikigusi, na Kifaransa kinautaka mwaka uandikwe "aaaa". Nikabadilisha safu ile iwe namba tupu:

```
=YEAR(C2)*100+MONTH(C2)
```

Inatoa 202403 mjini, kijijini, Dubai na ofisini kwa mhasibu.

Tantini alipopewa jumla ya Machi aliisoma taratibu, akaikunja karatasi na kuitia kwenye mkoba. Halafu akaniuliza kama ile karatasi ya kwanza, yenye Desemba, bado ninayo. Nikamuuliza ya nini.

"Ya kumuonyesha mwenye nyumba," akasema. "Anataka kodi ya miezi sita mbele."

Nikamwambia nimeifuta. Hakufurahi.